Mayai kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo: mangapi, na yapikwe vipi

Maswali ni yaleyale. "Nimegundulika na kisukari, mayai niache?" "Mama ana figo, jirani kasema yai ni sumu, lakini kule anakosafishwa damu wanamwambia ale kila siku. Nani anasema kweli?" Huenda wote wawili walisikia jambo la kweli, ila kila mmoja kalisikia kwa mgonjwa tofauti. Idadi ya mayai inategemea figo zako ziko hatua gani, vipimo vyako vinasemaje, na unakula sehemu ipi ya yai.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba yai moja ni vyakula viwili ndani ya ganda moja. Yai kubwa la kisasa likitolewa ganda lina gramu 50 hivi. Ute, yaani ile sehemu nyeupe, una protini ya gramu 3.5, hauna mafuta wala kolesteroli, na fosforasi yake ni kidogo mno, kama mg 5 tu. Kiini kina protini isiyofika gramu 3, lakini ndicho kinachobeba kolesteroli yote, kama mg 185, na karibu fosforasi yote, ambayo kwa yai zima ni kama mg 90. Wanga kwenye yai zima haufiki gramu 1, kwa hiyo yai lenyewe halipandishi sukari kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Potasiamu nayo ni ndogo, kama mg 70.

Ndiyo maana hapa tutahesabu viini na ute kila kimoja kivyake. Ukisema tu "nakula mayai mawili", hujasema la kutosha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Majibu ya maabara yasiyozidi miezi 3: eGFR (kiwango cha figo kuchuja), LDL (kolesteroli mbaya), fosforasi na potasiamu.
- Uzito wako wa kilo. Ukiwa unasafishwa damu, tumia uzito mkavu, ule unaobaki maji ya ziada yakishatolewa.
- Kijiko cha chai cha kupimia mafuta. Usimimine kwa jicho.
- Kikaango kisichoshika, sufuria ndogo yenye mfuniko, na saa.
- Bakuli mbili, na bakuli dogo la tatu la kupasulia yai mojamoja.

Kama huna majibu ya fosforasi na LDL, fuata kiwango cha chini katika kundi lako mpaka uyapate.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kundi lako.

*Kisukari, figo nzima.* Yai 1 zima kwa siku linatosha, yaani viini visivyozidi 7 kwa wiki. Kama LDL yako imezidi 2.6 mmol/L (sawa na 100 mg/dL), au umewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, shuka hadi viini 3 au 4 kwa wiki. Ute unaweza kuongeza. Tahadhari hii ina sababu: mwenye kisukari tayari yuko karibu zaidi na ugonjwa wa moyo kuliko mtu mwingine. Kuna utafiti uliofanyika Australia, matokeo yake ya kwanza yakatoka mwaka 2015, ambapo watu wenye kisukari cha aina ya pili au walio ukingoni mwake walikula mayai 12 kwa wiki kwa miezi 3 bila kolesteroli yao kuharibika. Lakini watu hao walikuwa wakila mafuta mazuri na kusimamiwa mlo wao wote. Usiuchukue kama ruhusa ya kula mayai mawili yaliyoogelea kwenye mafuta kila asubuhi.

*Ugonjwa wa figo, eGFR chini ya 60, hujaanza kusafishwa damu.* Hapa protini ya siku ina ukomo, na yai linaingia ndani ya hesabu hiyo. Kwa watu wengi, yai 1 zima pamoja na ute 1 ni kiasi kinachofaa kwa siku ya mayai. Fosforasi ikiwa juu ya 1.5 mmol/L (sawa na 4.5 mg/dL), viini visizidi 3 au 4 kwa wiki, na siku nyingine ule ute peke yake.

*Unasafishwa damu.* Hesabu inageuka kabisa. Mashine inapochuja uchafu hupitisha pia chembe za protini, na wanaosafishwa kwa maji ya tumboni hupoteza zaidi. Kwa hiyo unatakiwa kula protini nyingi kuliko mtu mwenye figo nzima. Yai 1 zima na ute 2 au 3 kwa siku ni mlo mzuri, kwa kuwa unapata protini bila kujaza fosforasi. Mgonjwa aliyeogopa mayai kabla ya kuanza mashine mara nyingi huendelea kuyaogopa baada ya kuanza, akakonda huku akidhani anajilinda.

*Umepandikizwa figo.* Idadi fuata ushauri wa kliniki yako. Upikaji wa hatua ya 5 na 6 ni lazima kwako kuliko kwa yeyote, maana dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hushusha kinga.

2. Piga hesabu ya protini ya siku. Hatua hii ni ya wenye ugonjwa wa figo. Ambaye hajaanza kusafishwa damu: zidisha kilo zako kwa 0.8. Anayesafishwa: zidisha kwa 1 hadi 1.2. Jibu ni gramu za protini kwa siku nzima.

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye kilo 60, ana kisukari na eGFR yake ni 38. Kilo 60 mara 0.8 ni gramu 48. Siku yake inaweza kwenda hivi: asubuhi, yai 1 zima na ute 1 (gramu 10) na slesi 2 za mkate (5). Mchana, ugali wa unga gramu 150 (12), kipande cha samaki aliyepikwa kisichozidi kiberiti kidogo, kama gramu 30 (7), na kabichi. Usiku, kikombe kimoja cha wali (4) na nusu kikombe cha maharage (7). Jumla ni 45, na mboga zitaongeza gramu 2 au 3. Amefika.

Angalia kitu kimoja hapo: ugali, mkate na wali peke yake vimetoa gramu 21. Watu wengi huhesabu nyama na mayai tu, wakasahau kwamba nafaka nayo ni protini. Akiongeza mayai mawili ya kuchemsha jioni kwa sababu "ni kitafunwa tu", amevuka kwa gramu 12, yaani robo nzima ya protini ya siku.

Mwanamke huyohuyo akianza kusafishwa damu atahitaji gramu 60 hadi 72. Hapo ndipo ute wa ziada unapomfaa: ute 3 ni gramu 10 au 11.

Hesabu hii haimhusu mtoto, mjamzito, wala mtu aliyedhoofika. Hao wapangiwe na mtaalamu wa lishe.

3. Chora viini vyako vya wiki. Chukua kalenda ya ukutani au karatasi iliyobandikwa jikoni, uandike alama moja kwa kila kiini. Weka alama pia kwa kiini kilicho ndani ya chapati za maji za mayai, keki, katlesi na egichopu. Ukifika ukomo wako, siku zilizobaki ni za ute tu.

Yai la kienyeji ni dogo, lakini kiini chake hakijapungua kwa kiasi hichohicho, na kolesteroli imo vilevile. Kiini kimoja kihesabu kimoja, awe kuku wa kienyeji au wa kisasa.

4. Tenganisha ute na kiini. Osha mikono kwa sabuni. Yai likiwa baridi hutengana vizuri zaidi, kiini hakipasuki. Pasua juu ya bakuli dogo, mimina yai kwenye kiganja safi, acha ute upite katikati ya vidole, kisha weka kiini kwenye bakuli lake. Hamishia ute kwenye bakuli kubwa, ndipo upasue jingine. Ukipasua moja kwa moja juu ya bakuli kubwa, yai moja viza litakuharibia yote.

Usirushe kiini kutoka ganda hadi ganda. Nje ya ganda mara nyingi kuna mabaki ya kinyesi cha kuku, na ute unapita juu yake.

Viini vilivyobaki visitupwe. Wapikie watoto au yeyote nyumbani asiye na tatizo. Vikiwekwa kwenye friji, vifunike kwa maji kidogo na vitumike ndani ya siku 2.

5. Kuchemsha. Hii ndiyo njia bora kwa makundi yote, maana haihitaji mafuta wala chumvi. Weka mayai kwenye sufuria, tia maji yapite juu yake kwa kimo cha kidole kimoja, bandika. Maji yakianza kuchemka punguza moto, hesabu dakika 10. Ukiwa sehemu ya juu kama Nairobi, Mbeya au Bukavu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo fanya dakika 12. Ipua, yatumbukize kwenye maji baridi.

Likipasuliwa, kiini kiwe kigumu mpaka katikati, kisiwe na sehemu inayong'aa kama asali. Ukiona utando wa kijani kati ya kiini na ute, umechemsha muda mrefu mno. Halina madhara, ila ladha imepungua.

Anayetaka ute tu achemshe yai zima, alikate nusu, atoe kiini kwa kijiko. Ni rahisi kuliko kutenganisha likiwa bichi.

6. Kukaanga. Kwa mtu mmoja: yai 1 zima, ute 2, kijiko 1 cha chai cha mafuta ya alizeti, robo ya kitunguu, nusu ya hoho, majani ya dania, pilipili manga. Usitie chumvi wakati wa kupiga mayai.

Pasha kikaango kwa moto mdogo, tia mafuta, kaanga kitunguu na hoho kwa dakika 2. Mimina mayai, funika. Mvuke utaivisha juu bila kulazimika kuongeza mafuta ya kugeuzia. Baada ya dakika 3 au 4 juu pakikauka, geuza kwa nusu dakika. Kamulia limao, nyunyiza dania. Moto mkali hufanya ute uwe kama mpira, na hapo ndipo mtu husema ute hauliki.

Kimanda hiki kina protini ya gramu 13 na fosforasi kama mg 100. Ukifanya kwa mayai matatu mazima unapata protini 19 na fosforasi mg 270, na viini vitatu vya wiki vimekwisha kwa mlo mmoja.

Mwenye potasiamu iliyo juu asitie nyanya, au atie kipande kidogo tu. Hoho, kitunguu na kabichi ni salama zaidi kwake.

7. Panga kinachoandamana na yai. Kwa mwenye kisukari, hapa ndipo vita vilipo. Chipsi mayai, zege kwa jina la mtaani, hulaumiwa kwa sababu ya mayai, kumbe sahani ya chipsi inaweza kubeba wanga wa gramu 60 au zaidi, na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Rolex ya Uganda, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ni hivyohivyo: chapati moja kubwa huweza kuzidi gramu 40 za wanga kabla ya yai kuguswa. Kula yai lako na slesi 1 au 2 za mkate, kipande cha kiazi kitamu, au ndizi moja ya kuchemsha kwa asiyebanwa na potasiamu, pamoja na mboga nyingi. Chai iwe bila sukari.

Makosa yanayorudiwa mara nyingi

*Chumvi kwenye yai la kuchemsha.* Ukomo wa siku ni gramu 5, sawa na kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, na humo mna chumvi ya mchuzi, mkate na kila kitu. Yai la barabarani linalopasuliwa na kujazwa kachumbari na chumvi ya kunyunyiza linaweza kukumalizia sehemu kubwa. Mwambie muuzaji akupe bila chumvi, uweke pilipili na limao. Viungo vya unga vya mchuzi na vidonge vya supu navyo vina chumvi nyingi, visiingie kwenye mayai.

*Chumvi mbadala.* Kopo limeandikwa kuwa sodiamu ni kidogo, na mgonjwa wa figo anafurahi. Sehemu kubwa ya chumvi hizo ni kloridi ya potasiamu. Kwa figo zilizochoka, potasiamu hiyo inaweza kusimamisha moyo. Usinunue.

*"Protini inatoka kwenye mkojo, kwa hiyo nile mayai mengi nizirudishe."* Kosa hili linauma kwa sababu linafanywa kwa nia njema, mara nyingi na ndugu anayempenda mgonjwa. Protini nyingi huongeza shinikizo kwenye vichujio vilivyoharibika, na protini inayovuja huongezeka. Kinachopunguza kuvuja ni kudhibiti presha na sukari na kumeza dawa ulizopangiwa. Bakia kwenye hesabu ya hatua ya 2.

*Yai bichi.* Kulikoroga kwenye maziwa, asali au kinywaji cha kuongeza nguvu ni kualika salmonela. Mtu mwenye afya ataharisha akapona. Mgonjwa wa figo akiharisha na kutapika anaishiwa maji, na figo zilizobaki zinaweza kuanguka ndani ya siku chache. Mchuzi wa mayai laini na mayonesi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi viwekwe kundi moja.

*Kula yai kutibu sukari iliyoshuka.* Ukitetemeka, ukitoka jasho na kipimo kikasoma chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), yai halitakusaidia kwa kuwa halina wanga. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Mgonjwa wa figo atumie sukari hiyo badala ya juisi ya machungwa, ambayo ina potasiamu nyingi. Yai linaweza kufuata baadaye, pamoja na mkate, sukari ikisharudi.

*Kuacha wanga ghafla na kubaki na mayai huku unachoma insulini ileile.* Dozi yako ilipangwa kwa mlo uliokuwa na ugali au mkate. Zungumza na daktari kabla, la sivyo sukari itashuka usiku.

Mambo yasipokwenda sawa

*Sukari imepanda baada ya kifungua kinywa cha mayai.* Pima kabla ya kula na saa 2 baada ya kula. Kesho yake kula mayai yaleyale bila mkate wala sukari kwenye chai, upime tena. Kama unachoma insulini au unameza dawa zinazoweza kushusha sukari, usijaribu hivyo bila kumwuliza daktari. Punguza mkate tu, kutoka slesi 2 hadi 1, uangalie tofauti.

*Fosforasi haishuki ingawa viini nimepunguza.* Tazama soda nyeusi, soseji, nyama za kopo na jibini za kusindika. Fosforasi inayoongezwa kiwandani hufyonzwa karibu yote, wakati ya yai hufyonzwa kwa sehemu. Kama umepewa vidonge vya kufunga fosforasi, vimezwe pamoja na chakula. Ukivimeza saa moja baadaye vinakuta chakula kimeshapita.

*Potasiamu imepanda.* Yai huwa halihusiki. Anza na parachichi, ndizi, machungwa, nyanya nyingi, mboga za majani zisizochemshwa na kumwagwa maji, na kopo la chumvi mbadala.

*LDL imepanda.* Shusha viini hadi 3 kwa wiki kwa miezi 3, kisha upime tena. Wakati huohuo angalia mafuta ya nazi, samli, ngozi ya kuku na nyama ya mafuta, maana kwa watu wengi mafuta hayo hupandisha LDL kuliko kolesteroli ya yai. Kama umeandikiwa dawa ya kolesteroli, usiiache kwa sababu umepunguza mayai.

*Miguu imevimba au kiu haikomi.* Chunguza chumvi kwanza. Uvimbe ukiambatana na kushindwa kupumua ukilala chali, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Harufu ya yai inanichefua.* Hutokea sana figo zikiwa chini, maana uchafu wa damu hubadili ladha mdomoni. Chemsha mayai, yaache yapoe kabisa, toa kiini, katakata ute uchanganye na kabichi mbichi iliyokatwa laini, limao na pilipili manga. Chakula baridi hakitoi harufu kama cha moto. Njia nyingine: uji ukiwa unachemka, mimina ute 1 uliopigwa kidogokidogo huku ukikoroga, uache uchemke dakika 3 zaidi. Hutauona wala kuusikia harufu, na umeongeza protini gramu 3.5. Ukimimina wote kwa mpigo utashikana mabonge. Kichefuchefu kikizidi wiki, au ukianza kutapika, kamwone daktari kwa vipimo vya damu, kwa sababu huenda ni dalili kwamba kazi ya figo imeshuka.